Tasnifu Ikishapakiwa, Ufunguo Uko kwa Nani?

Alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu baada ya sala ya alasiri, uso wake umesawijika. Bintiye anasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja upande wa Kisii, na alikuwa ameitwa mbele ya jopo la walimu kuulizwa kama tasnifu yake ameiiba. Mama hakuwa na shaka na mwanawe. Alilolitaka kwetu ni kufahamishwa jinsi kazi ya miaka miwili, aliyomwona binti akiiandika kwa macho yake hata likizo, inavyoweza kuonekana ni ya mtu mwingine. Tulimpigia simu binti mwenyewe tukamsikiliza kwa kituo, na kwa idhini yake na ya mama yake tunayaeleza hapa, kwa kuwa nyumba nyingi katika miji yetu zina kijana aliye chuoni.

Binti huyu aliandika juu ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi katika kaunti za Kisii na Nyamira. Jambo hili si hadithi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo, na sisi wa pwani hatuna cha kuwasema wenzetu, maana wazee wa Kilifi nao wameuawa kwa neno lilo hilo, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba linalotamaniwa. Binti aliwahoji wanawake ambao wangali hai. Aliwaahidi, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba majina yao na vijiji vyao havitatoka mikononi mwake. Katika tasnifu aliwaita kwa herufi, lakini katika kiambatisho cha mwisho aliyaacha mahojiano yenyewe, pamoja na orodha ya majina na vijiji, kwa kuwa msimamizi wake alitaka kuyathibitisha, na aliazimu kukiondoa kabla ya nakala ya mwisho.

Siku chache kabla ya kuikabidhi kazi, aliingiwa na hofu ya ule mtambo wa kukagua maandishi uitwao Turnitin, ambao vyuo vyetu vingi huutumia kutazama ni kiasi gani cha maneno ya mwanafunzi kinafanana na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Rafiki akamwelekeza kwenye saiba moja mjini. Alitoa shilingi 500, akampa kijana wa pale faili zima, na baada ya saa moja akapewa ripoti: mfanano wa asilimia 14. Akarudi chumbani amefurahi. Majuma matatu baadaye chuo kikaipakia tasnifu ile ile, nayo ripoti ikasema asilimia 96.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji awe nasi polepole, kwa maana wengi hudhani mtambo huu ni kama mizani: unaweka, unasoma, unaondoa, na mizani haikumbuki kitu. Sivyo. Mtambo huu una ghala. Mwalimu anapoandaa zoezi katika darasa lake la humo hupewa kuchagua kazi zitakazopakiwa ziwekwe wapi, na majibu aliyoandikiwa pale ni `standard paper repository`, yaani ghala la jumla ambalo kazi za vyuo vingine vinavyoutumia mtambo huu zitakuja kulinganishwa nalo. Au ghala la chuo chake peke yake. Au `no repository`, yaani kazi ikaguliwe na isihifadhiwe. Asiyechagua kwa makini aghalabu huangukia lile la kwanza. Kijana wa saiba hakuchagua kwa makini, au hakujua kuna la kuchagua. Tasnifu iliingia ghalani siku ile, na ilipokuja tena kupitia mlango wa chuo, ilikutana na nafsi yake.

Dalili ya jambo hili haifichiki kwa mwenye kuitazama ripoti badala ya kutazama namba peke yake. Pembeni mwa ripoti huorodheshwa mahali maneno yalipoonekana. Mtu aliyeiba hapa na pale huonyeshwa vyanzo vingi, kila kimoja na kiasi chake kidogo. Ripoti ya binti huyu ilikuwa na chanzo kimoja kilichomeza karibu yote, kimeandikwa `Submitted to` na jina la chuo ambacho hajawahi kukanyaga, na pembeni maneno `Student Paper`. Tarehe yake ilikuwa ile ile ya risiti ya saiba. Jopo likaona asilimia, likaghadhibika. Laiti lingeanza na tarehe.

Lakini kwa nini chuo asichokijua? Kwa sababu kampuni yenye mtambo huu haimuuzii mwanafunzi mmoja mmoja. Huviuzia vyuo na shule. Kwa hiyo kila saiba inayouza ripoti hizi inatumia mlango wa mtu: akaunti ya mwalimu iliyoazimwa, au iliyouzwa, au iliyovuja. Na hili lina maana kubwa kuliko ile asilimia. Mwalimu wa chuo kingine, akiona kazi ya mwanafunzi wake inafanana na iliyo ghalani, haruhusiwi kuifungua hivi hivi. Humpelekea ombi mwalimu ambaye kazi iliingia kwa jina la darasa lake, na huyo akikubali, maandishi hufika kwa mwombaji. Utaratibu huu ni mzuri pale ambapo mwenye darasa ni mwalimu wako kweli. Kwa binti huyu, mwenye ruhusa ya kutoa majina ya wale wanawake alikuwa mtu asiyemjua, katika chuo asichokisoma, ambaye yamkini naye hakujua kwamba darasa lake limegeuzwa duka.

Mama aliuliza swali ambalo mawakili wamelibishania: je, kazi ni ya nani sasa? Jibu la kwanza ni jepesi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maandishi ni ya aliyeyaandika tangu yanapokaa kwenye karatasi au kwenye kompyuta, bila ya kusajiliwa popote, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kampuni yenyewe haidai kuimiliki kazi. Inachochukua ni ruhusa ya kuihifadhi na kuilinganisha, na ruhusa hiyo hutolewa kwa kubonyeza neno la kukubali. Huko Marekani wanafunzi wanne wa sekondari waliipeleka kampuni ya mtambo huu mahakamani mwaka 2007, wakisema kazi zao zinahifadhiwa ilhali juu ya karatasi wameandika kwamba hawaridhii. Walishindwa, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikashikilia kwamba kuhifadhi kazi kwa ajili ya kulinganisha tu, si kwa ajili ya kuisoma wala kuiuza kama maandishi, ni matumizi halali. Hukumu ile si sheria ya Kenya. Hata hivyo inamwonyesha mzazi kwamba kuandika sikubali juu ya ukurasa wa kwanza, kisha kubonyeza nakubali, ni kinga dhaifu.

Sisi twaona kwamba hakimiliki ni nusu nyepesi ya jambo hili. Binti akinyang'anywa sentensi zake ameumia yeye. Majina ya wale wazee si mali yake hata ayatolee ruhusa. Yalikuwa amana mkononi mwake, na kubonyeza kwake hakuwezi kubonyeza kwa niaba yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtazama hivyo hivyo: aliyekusanya habari za mtu na kuamua zitumike kwa nini ndiye wa kuulizwa kwanza, na mwenye habari ana haki ya kutaka zirekebishwe au zifutwe, na habari zikipelekwa nje ya nchi ziwe na ulinzi huko ziendako. Kumlaumu kijana wa saiba peke yake hakutoshi.

Alifanya nini basi? Katika shtaka la wizi alisaidiwa na mambo mawili: risiti ya kielektroniki ya saiba, yenye `Submission ID`, tarehe na jina la faili, na barua pepe za miaka miwili alizokuwa akimtumia msimamizi kila sura ilipokamilika. Msimamizi aliziweka barua mbele ya jopo, akakiondoa chanzo kile kimoja katika ripoti, na mfanano ukashuka hadi asilimia 11. Shauri likafungwa kwa onyo. Kufuta ndiko kulikokuwa kugumu. Mwanafunzi hawezi kuitoa kazi ghalani kwa mkono wake. Ombi la kuifuta moja kwa moja hutoka kwa mwenye darasa au kwa msimamizi wa akaunti ya chuo kile. Aliandika kwa chuo kilichotajwa kwenye ripoti, akaweka namba ya risiti, akaeleza bila kuficha kwamba alipitia saiba. Alisita kuandika hilo la mwisho, nasi tulimsihi aliandike, kwa sababu bila hilo barua isingeeleweka.

Yote haya yangeepukika kwa dakika kumi. Mtambo unahitaji sura za tasnifu peke yake. Viambatisho havimfai kitu. Tena hojaji zikiachwa humo huongeza mfanano, kwani hufanana na hojaji za wengine. Angalikata mahojiano na orodha ya majina katika nakala ya kupakia, akafuta jina lake katika sifa za faili, kisha akamwomba msimamizi wake amfungulie zoezi la majaribio lenye `no repository`, asingemhitaji mtu wa saiba. Wasimamizi wengi hawakatai. Wanafunzi ndio hawaombi, kwa haya. Ama zile tovuti za bure zinazotangaza kukagua kwa dakika moja, asiyeona mahali palipoandikwa wazi kwamba kazi inafutwa, na baada ya muda gani, asiweke humo hata ukurasa.

Kabla ya jibu la chuo kile kufika, binti alipanda matatu hadi Nyamira kuwaeleza wale wanawake. Mmoja wao, ajuza anayeishi na mjukuu, alimsikiliza hadi mwisho kisha akauliza jambo moja tu: ni nani awezaye kulifungua hilo ghala na kulisoma jina langu? Binti akajibu kwamba ni mwalimu mmoja asiyemjua. Bibi akamwambia, basi maneno yangu mjukuu wangu yatoe kwenye kitabu chako. Aliyatoa, kurasa sita, na sura ya nne ikabidi iandikwe upya. Barua ya kuthibitisha kwamba nakala ya saiba imefutwa ilifika siku 34 baadaye.