ORODHA YA UFUNDI ISIANDIKWE KWA KICHWA CHA NYAPARA

Ndugu wafanya kazi wa Makongeni,

Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya watu wa reli, na hapa hakuna asiyejua thamani ya karatasi ya ufundi. Siku hizi wakubwa wa karakana wanatengeneza orodha kubwa: majina ya watu upande mmoja, kazi juu, na katikati alama ya nani amehitimu, nani cheti chake kimekwisha, na nani apelekwe kozi. Orodha hiyo ni kitu chema. Lakini mahali pengi nyapara huijaza kwa kukumbuka tu, naye karani hupiga chapa. Hilo tunalikataa.

Tazameni mfano wa wachomeleaji wanne, tukiwahesabu tarehe 1 Juni 2025.

Wa kwanza ana cheti cha mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya 1, cha mwaka 1998. Nyapara ameandika "kimekwisha" kwa kuwa ni cha zamani. Ni uongo. Gredi haina tarehe ya mwisho.

Wa pili na wa tatu wana vyeti vya kuchomelea vya kanuni ya ISO 9606-1. Wote wawili walipimwa tarehe 10 Februari 2024, na vyeti vinasema mwisho ni Februari 2027. Nyapara amewaandika "wamehitimu". Lakini kanuni hiyo inataka kila miezi 6 mkubwa wa kazi atie sahihi kwamba mtu bado anachomelea kazi ya namna ile ile. Wa pili ana sahihi ya Agosti 2024 na ya Februari 2025. Yu salama mpaka Agosti. Wa tatu ana ya Agosti 2024 peke yake. Cheti chake kilikufa Februari 2025, na lazima apimwe tena. Je, kosa ni la nani? Si la mchomeleaji. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mkubwa.

Wa nne hana karatasi, ingawa amechomelea miaka 20. Huyo aandikwe "anahitaji mtihani", wala asiandikwe "hafai".

Basi madai yetu ni haya. Kila alama iwe na namba ya cheti, tarehe ya kupimwa, na tarehe ya sahihi ya mwisho. Karani aone cheti chenyewe kwa macho. Kila mtu asomewe mstari wake kabla orodha haijabandikwa.

Tena gharama ya kozi isikatwe mishaharani. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, na wanaweza kuomba kurudishiwa gharama za kozi zilizokubaliwa. Waende wakaombe huko, wasije mifukoni mwetu.

Wekeni nakala za vyeti vyenu nyumbani, na nyingine mpeni mjumbe wa chama.