Tumwambie au Tunyamaze?

Juma hili tuna jambo linalotunyima usingizi. Mwenzetu mmoja hapa Himbi, rafiki wa miaka mingi, karibu atapokea likelemba yake. Anataka kumpa bwana yake amalizie nyumba, kwenye kiwanja kilichoandikwa jina la bwana peke yake. Hawajaandikisha ndoa komini. Na wawili kati yetu walimwona bwana huyo bandarini, akishuka mashua ya Bukavu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa mke wake wa ndoa ya serikali.

Tuliogopa. Mleta habari huitwa mgombanishi, na bwana akikana, urafiki unakufa. Lakini Sheria ya Familia ya Kongo hairuhusu mume kuandikisha mke wa pili wakati ndoa ya kwanza haijavunjwa. Pesa ikishaingia katika nyumba ile, mwenzetu ataidai kwa shida sana.

Basi tumepatana: ataenda mmoja tu, yule aliyesalimiana na mwanamke huyo, kabla ya siku ya likelemba. Atasema aliyoyaona na kuyasikia, siku na mahali, bila “watu wanasema”. Hatamwambia amwache bwana. Atamwomba ashike pesa kwanza, amwambie bwana waende komini kuandikisha ndoa, kisha asikilize jibu.

Akitukasirikia, tutamwekea kiti chake katika kikundi, na jambo hilo hatutaligusa mbele ya wengine.