Saa kuukuu iliyozima mwanga bado ina sumu

FAMILIA nyingi huhifadhi saa za mkono walizoachiwa na mababu, hasa waliohudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi ya saa za enzi hiyo zilipakwa rangi iliyong'aa gizani ili askari aone saa usiku bila kuwasha taa. Rangi hiyo ilichanganywa na radiamu, madini yanayotoa mionzi ya nyuklia. Hatari iliyomo inaeleweka vibaya hadi leo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba saa isiyong'aa tena haina madhara. Mwanga ule haukutoka kwa radiamu yenyewe. Ilikuwa ikigonga chembe za salfaidi ya zinki, nazo ndizo zilizong'aa. Chembe hizo huchakaa baada ya miaka michache, rangi ikageuka ya kahawia na giza likarejea. Radiamu, kwa upande wake, huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Hii ina maana kwamba saa iliyopakwa mwaka wa 1944 ingali na zaidi ya asilimia 96 ya radiamu yake. Kilichokufa ni taa tu.

Ubaya wa madini haya ulidhihirika Marekani. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa, nao wakafunzwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Kila walipofanya hivyo walimeza kiasi kidogo cha radiamu. Mwili huidhania kuwa kalisiamu, ukaipeleka mifupani, nayo ikakaa huko ikichoma kutoka ndani. Mmoja wao, Grace Fryer, aliyeanza kazi hiyo mwaka wa 1917, aling'oka meno na taya lake likaoza. Mwaka wa 1927 yeye na wenzake wanne waliishtaki kampuni ya United States Radium, na mwaka uliofuata kila mmoja akapewa fidia ya dola 10,000 pamoja na malipo ya kila mwaka.

Kisa hicho ndicho ufunguo wa suala lenyewe. Mionzi mingi ya radiamu ni dhaifu kiasi kwamba kioo cha saa huizuia, ingawa sehemu ndogo hupenya. Anayevaa saa nzima mara mojamoja hajiweki katika hatari kubwa. Hatari kubwa huja pale rangi, ambayo kwa uzee hukauka na kumeguka, inapokuwa vumbi likavutwa puani au kufika mdomoni.

Kwa sababu hiyo, anayestahili kuhofiwa zaidi ni fundi wa saa, ambaye hufungua kifuniko, hupuliza vumbi kwa mdomo na pengine hula chakula chake juu ya meza iyo hiyo. Mwenye saa asiifungue, wala asimkabidhi fundi bila kumweleza kilichomo.

Atajuaje? Herufi T iliyoandikwa chini ya namba 6 huashiria tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu katika miaka ya 1960 na ambayo mionzi yake ni hafifu mno. Saa ya kabla ya hapo, isiyo na herufi hiyo, yenye namba nene za rangi ya kahawia, ishukiwe. Wakati mwingine akrabu zilizosimama mahali pamoja kwa miaka huacha kivuli cha kuungua juu ya uso wa saa. Hiyo ni dalili nzito, lakini uthibitisho kamili hutolewa na kipima mionzi pekee.

Kuna jambo jingine wasilolitambua wengi. Radiamu huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hupenya nje ya saa. Watafiti wa Uingereza waliripoti mwaka wa 2018 kwamba saa 30 za kijeshi zilizowekwa katika chumba kidogo kisichopitisha hewa zilifikisha gesi hiyo mara 134 ya kiwango kinachopendekezwa nchini humo. Saa moja si sawa na 30, lakini haifai kukaa kando ya kitanda. Mahali pake ni chumba chenye hewa, mbali na watoto.

Kioo kikivunjika, saa itiwe ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa vizuri. Vumbi lisifagiliwe bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, nacho kitiwe mfukoni pia, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Saa kama hiyo isichomwe wala kutupwa jaani, ambako wachokoraji huokota chochote cha chuma. Nchini Kenya, wa kuulizwa ni mamlaka ya kudhibiti masuala ya nyuklia, KNRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2019.