Ruti ya Tatu: Usihesabu Ilicholeta, Hesabu Ilichoongeza

Shangazi yangu ana duka la maji Kitengela. Anajaza mitungi ya lita 20 na tuktuk yake moja inapelekea wateja nyumbani, ruti mbili kwa siku. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa na furaha.

"Mwanangu, ruti ya Athi River imeshika. Tili yake inaingiza elfu tatu kila siku. Nataka kuchukua mkopo wa tuktuk ya pili."

Nikamwambia, "Hongera Shangazi, lakini usitie sahihi kitu bado. Nitakuja Jumamosi tukae na hesabu."

Tulipokaa, tuligundua kwamba ile elfu tatu ilikuwa kweli, na bado ilikuwa inamdanganya. Ninaandika haya kwa sababu naona kosa hilo kwa wafanyabiashara wengi wanaosambaza bidhaa, wawe wa mkate, maziwa, mayai au gesi. Mtu anauliza, "Ruti mpya inaingiza pesa ngapi?" Kwa maoni yangu, hilo si swali la kufanyia uamuzi. Swali ni hili: biashara nzima imebadilika kwa kiasi gani kwa sababu ya ruti hiyo?

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Shangazi anauza mtungi mmoja kwa shilingi 150, akiupeleka mpaka mlangoni. Maji yenyewe, stima ya kusafishia, kifuniko, sili na ada ya kupokea malipo vinamla kama shilingi 35 kwa kila mtungi. Kwa hiyo kila mtungi unamwachia 115. Ruti zake mbili zilikuwa zinauza mitungi 24 kila moja, na hiyo 24 ina sababu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mitungi 24 ni kilo 480 bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe, na tuktuk yake inabeba karibu kilo 500.

Mitungi 48 kwa siku ni mauzo ya shilingi 7,200. Gharama za mitungi hiyo ni 1,680, mafuta ya ruti mbili ni 600, halafu kuna 3,600 ambayo ni kodi ya duka, mshahara wa msaidizi, mshahara wa dereva na malipo ya tuktuk ukigawanya kwa siku. Jumla 5,880. Anabaki na 1,320 kwa siku. Hiyo ndiyo inayolipa karo na kulisha watu.

Kabla hajaanza ruti ya Athi River, karibu aikatae. Aliniambia alivyopiga hesabu: gharama zote ni 5,880, ruti ni mbili, kwa hiyo ruti moja inagharimu 2,940. Athi River angetarajia kuuza mitungi 20, yaani 3,000. Ukitoa 2,940, unabaki na shilingi 60. Nani ataamkia shilingi 60?

Hilo ni kosa la kwanza, na ni la kawaida sana: kutumia gharama ya wastani. Mwenye nyumba hatapandisha kodi ya duka eti kwa sababu tuktuk imeenda Athi River. Msaidizi wa dukani analipwa vilevile. Ile 3,600 ingetoka mfukoni mwake hata tuktuk ikilala saa tisa mchana. Kwa hiyo haihusiki na uamuzi huu. Kinachohusika ni kile ambacho kisingetumika bila ruti ya tatu.

Tukakiandika. Mafuta ya Athi River, kwa kuwa ni mbali zaidi, 450. Matairi, oili na breki, kwa sababu tuktuk sasa inatembea zaidi, 150. Dereva kuongezewa kwa saa za ziada, 400. Hapo ni 1,000 kwa siku, auze mtungi mmoja au 24. Juu yake weka 35 kwa kila mtungi. Mitungi 20 ni 700. Jumla ya gharama za nyongeza ni 1,700, na mapato ni 3,000. Anaongeza 1,300 kwa siku, si 60. Kwa hesabu hiyo, alifanya vizuri kuanza.

Sasa tukaja kwenye kosa la pili, lile la furaha. Kama ruti mpya ilikuwa inaongeza 1,300, basi faida ya siku ilipaswa kufika 2,620. Nikamwuliza, "Shangazi, hiyo pesa unaiona?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Naona imeongezeka, lakini si hivyo."

Tukafungua taarifa za malipo. Kila ruti ina namba yake ya tili, jambo ambalo ni zuri. Tili ya Athi River ilionyesha wastani wa 3,000 kwa siku. Ruti ya kwanza ilikuwa palepale, 3,600. Ruti ya pili ilikuwa imeshuka kutoka 3,600 hadi 2,400. Yeye alikuwa amedhani ni mvua.

Haikuwa mvua. Tulimwita dereva na daftari lake. Akiwa njiani kwenda Athi River, anapita kwenye fleti za kando ya barabara ya Namanga, ambazo ni wateja wa ruti ya pili. Watu wa pale wakiona tuktuk inapita, wanaisimamisha. Kwa nini wangoje zamu yao? Mitungi 8 kati ya ile 20 ilikuwa ya wateja haohao wa zamani. Pesa yao ilihama kutoka tili moja kwenda nyingine, na haikuongeza chochote.

Tukarudia hesabu. Mitungi mipya kweli ni 12. Mapato ya nyongeza ni 1,800. Maji na vifuniko vya mitungi hiyo 12 ni 420, ukiongeza ile 1,000 ya ruti unapata 1,420. Ruti ya tatu inaongeza shilingi 380 kwa siku. Faida yake imetoka 1,320 ikafika 1,700. Bado ni nzuri, lakini si ile ya kuendea mkopo.

Hapa kuna namba moja ambayo ningependa kila mwenye biashara ya kusambaza aijue kwa ruti yake. Chukua gharama ya siku ambayo ruti mpya inaleta hata kabla ya kuuza, ugawe kwa kile kinachobaki kwa kila bidhaa. Kwa Shangazi, 1,000 gawa kwa 115 ni karibu 8.7. Maana yake anahitaji mitungi 9 mipya kila siku ili ruti isimle. Akiwa na 12, yuko salama. Ikishuka hadi 8, tuktuk inaenda Athi River kumtafutia hasara, hata kama tili inaonyesha 3,000.

Sasa weka tuktuk ya pili. Malipo ya mkopo yangekuwa kama 700 kwa siku, na dereva wa pili 800. Zile 400 za saa za ziada zinaondoka, mafuta na matengenezo yanabaki 600. Gharama ya ruti sasa ni 2,100 badala ya 1,000. Mitungi 12 mipya inaacha 1,380. Angekuwa anapoteza 720 kila siku kwenye ruti hiyo, na faida ya duka ingeshuka hadi 600. Ruti ni ileile na wateja ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba nafasi ya tuktuk ya kwanza, ambayo ilikuwa bure jioni, imebadilishwa na nafasi ya kununua.

Ili tuktuk ya pili ijilipe, angehitaji mitungi 19 mipya kwa siku. Na kumbuka tuktuk inabeba 24. Dereva akiendelea kuuza 8 kwa wale wa fleti, nafasi inayobaki ni 16 tu. Hata akiuza mpaka mtungi wa mwisho, hesabu haitimii kwa safari moja.

Tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, tuktuk ya zamani inaendelea na Athi River, na dereva hasimami kwenye fleti. Mitungi yote ni ya wateja wapya. Pili, suala la mkopo litarudi mezani mitungi mipya ikifika 19 kwa siku na kukaa hapo miezi miwili, si wiki moja ya mshahara.

Kuna watakaosema kwamba wateja waliohama si hasara, kwa sababu pengine wangeenda kwa jirani anayeuza maji. Ni kweli inaweza kutokea. Kama wale wa fleti walikuwa wameanza kununua kwingine kwa sababu ya kuchelewa, basi kuwarudisha ni mapato ya nyongeza halisi. Lakini hilo liangalie kwenye rekodi, usilifikirie tu. Ruti ya pili ilikuwa inauza 24 kila siku mpaka wiki ile ya tatu ilipoanza. Hakuna aliyekuwa anaondoka.

Na kuna onyo la upande wa pili. Hesabu hii ya nyongeza inafaa kuamua kuhusu ruti moja zaidi. Usiitumie kwa ruti zote kwa pamoja, ukasema kila moja inalipa mafuta yake basi mambo ni sawa. Kodi ya duka lazima itoke mahali. Ruti za kwanza ndizo zinazoibeba, na kama nazo zinajilipia mafuta pekee, mwisho wa mwezi utamkimbia mwenye nyumba.

Kama unafikiria kuongeza ruti, mpe kila ruti tili yake, lakini usiangalie ile mpya peke yake. Jumlisha tili zote wiki nne kabla na wiki nne baada, mwisho wa mwezi ukilinganishwa na mwisho wa mwezi. Tofauti ya jumla hiyo ndiyo mapato ya nyongeza. Kisha mwachie dereva daftari aandike nani ni mteja mpya na nani ni wa zamani. Shangazi alinunua la shilingi 50, na ndilo lililomzuia kuchukua deni la tuktuk ambayo ingekula zaidi ya nusu ya faida yake.