Bao Darasani: Neno Langu kwa Wazazi wa Free Area

Hivi karibuni nilikuwa Nakuru, mtaa wa Free Area, nyumbani kwa binti wa dada yangu. Jioni moja baada ya sala ya alasiri mumewe aliingia na karatasi mkononi, uso umemkunjamana. Ilikuwa barua ya mwalimu wa hesabu wa mwanawe aliye Gredi ya Tatu.

"Mjomba, hebu soma," akaniambia. "Mwana nimempeleka skuli asome, naye anakalishwa chini acheze bao. Kesho naenda kumtoa."

Nikaisoma. Mwalimu aliwaarifu wazazi kwamba kwa wiki nne kipindi cha hesabu kitasomeshwa kwa bao. Sababu yake ilikuwa moja. Alisema watoto wake wanaliimba jedwali la tatu bila ya kukwama, lakini ukimuuliza mtoto tatu mara tano peke yake, hana jibu mpaka aanze tatu mara moja. "Wameishika nyimbo," aliandika, "hesabu yenyewe hawajaishika." Akaeleza kwamba kila mtoto ataandika daftarini anavyobashiri kabla ya kugusa kete, kisha atacheza, kisha atatazama amekosea wapi. Mwisho akawakaribisha wazazi waje kuona.

Nikamwita kijana. "Tatu mara sita ni ngapi, babu?" Akainua macho juu, midomo ikaanza kuchezacheza: tatu mara moja, tatu mara mbili. Alipofika kumi na nane ndipo akajibu. Baba yake akanitazama, asiseme neno.

Basi tukatoka uani. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, yaani mashimo 16. Mwalimu ameanza na upande mmoja tu, bila ya mshindani na bila ya kula. Mashimo 16 yanachimbwa mchangani kwa duara, yanapewa namba, na kila shimo linatiwa kete mbili. Jumla ni kete 32. Kwetu pwani tungetia komwe. Pale uani tuliokota kokoto.

Kijana akaanza shimo la kwanza. Alizichota kete mbili, akaipanda moja shimo la pili na moja la tatu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota zote zilizomo na kuendelea mbele. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Shimo la tatu sasa lilikuwa na kete tatu.

"Ngoja," nikamwambia. "Kabla hujazichota, niambie utafika wapi."

"La sita," akasema. Akafika la sita, nako mlikuwa na kete tatu. Kutoka hapo akabashiri la tisa, kisha la kumi na mbili, kisha la kumi na tano, na kila mara ikawa hivyo. Hakuimba. Alikuwa akiongeza tatu kwa macho na vidole, na jedwali lile lile alilolikariri sasa alilikuta limelala mchangani mbele yake.

Kutoka shimo la 15 akasema, "La kumi na nane." Kisha akanyamaza. Shimo la kumi na nane halipo! Akalizunguka duara kwa kidole, akarudi akasema, "La pili." Hapo ndipo penye ilimu. Kumi na nane ukitoa kumi na sita zinabaki mbili. Mtoto huyu wa Gredi ya Tatu alikuwa amegawanya na kupata baki, na hakuna aliyemtajia neno baki.

Shimo la pili lilikuwa na kete nne. Akazipanda la tatu, la nne, la tano na la sita. La sita alikwisha kulichota, lilikuwa tupu, basi akalala.

Kisha nikamwomba baba mtu ahesabu kete zote. Akapata 31. Akarudia, 31. Kijana akacheka: "Baba, lazima ziwe thelathini na mbili. Kete haziongezeki wala hazipungui, zinahama tu." Tukatafuta, tukaikuta kokoto moja imefichwa na kandambili ya baba. Nimependa jambo hili kuliko yote. Katika daftari mtoto hungoja mwalimu amtilie alama ya kosa. Katika bao jumla yenyewe humwambia kwamba pameharibika kitu, naye akakitafute.

Sisemi kwamba bao linatosha. Mcheze mtoto mwezi mzima bila ya kumtaka abashiri na aandike, mkono wake utakuwa mwepesi na hesabu itabaki pale pale. Wako wachezaji hodari barazani kwetu ambao mkono wao hujua njia, lakini ukiwauliza kwa nini, hawana la kukueleza. Tena bao halifundishi sehemu wala desimali. Na pakiwa na watoto watatu kwenye bao moja, mmoja mwerevu hucheza na wawili hutazama. Mzazi atakayekwenda kuona darasa lile asitazame kelele wala vicheko. Na atazame daftari. Kama kila mtoto ameandika shimo alilobashiri na shimo alilofikia, hilo ni somo. Kama daftari ni tupu, hapo mzazi ana haki ya kulalamika.

Likabaki neno la dini, nalo ndilo lililomsumbua mkwe wangu zaidi. "Mjomba, si kamari hii?" Nikamjibu kwa nilivyosomeshwa. Kamari ni mali kuwekwa rehani ya kushinda na kushindwa, na hapa hapana hata shilingi. Mchezo wa dado umekatazwa, lakini bao halina dado. Kete inakwenda inakopelekwa na hesabu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walipoipima michezo walitenga unaosimama juu ya hesabu na fikra mbali na unaosimama juu ya kubahatisha, na katika vitabu vyao mchezo wa vishimo na vijiwe, manqala, umetajwa upande wa hesabu. Kinachobaki kuchungwa ni kwamba usimpitishe mtu wakati wa sala, na hilo mwalimu ameliepuka, maana kipindi chake ni cha asubuhi.

Jirani mmoja aliyekuwa akitusikiliza alisema huo ni mchezo wa Waswahili wa pwani, umeletwa huku na wageni. Nikamwonyesha upande wa Hyrax Hill, kilima kilicho karibu na hapo hapo Free Area, ambako Mary Leakey alichimbua mambo ya kale mwaka 1937 na 1938. Juu ya majabali yake yako mashimo ya bao yaliyochongwa kwa mkono. Wagikuyu wanao wauitao giuthi, Waluo ajua, Wamaasai enkeshui. Sheria zinatofautiana, lakini kupanda mojamoja na kuhesabu ni kule kule. Mwalimu hakuleta kitu kigeni. Amekichukua kilichokuwa mlimani akakitia darasani.

Asubuhi yake mkwe wangu alikwenda skuli kama alivyoapa. Hakwenda kumtoa mwana. Alikwenda na mfuko wa kokoto alizoziosha usiku, 640 kwa hesabu yake, ziwatoshe watoto arubaini, wawili wawili kwa duara moja. Nilimuuliza amejuaje kwamba zimetimia. Akaniambia alizipanga thelathini na mbili, thelathini na mbili, mara ishirini, na kijana wake akazihakikisha.