VPN Haifuti Alama Zako Saiba

Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram iligoma kufunguka kwa Wakenya wengi. Ushauri uliozunguka kwenye magrupu ulikuwa mmoja tu: "Weka VPN, utapita." Ni kweli, watu walipita. Lakini kuna maneno yaliongezwa nyuma ya ushauri huo, na bado yanaongezwa mpaka leo: "Ukiwa na VPN hakuna mtu anakuona." Hayo ni maneno ya uongo, na yule anayeyaamini akiwa amekaa kwenye kompyuta ya saiba ndiye atakayeumia.

Tuelewane VPN inafanya nini. Inafunga njia kati ya kompyuta na seva ya VPN. Kampuni ya mtandao haioni unafungua tovuti gani, inaona tu kwamba umeunganishwa na seva fulani. Basi, kazi yake inaishia hapo. Kompyuta yenyewe iko upande wako wa hiyo njia. Ulichoandika, ulichofungua na ulichodownlodi vyote viko kwenye mashine, bila kufichwa, na mashine si yako.

Tuchukue mfano. Mama wa Bondeni, hapa Nakuru, mwanawe amechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha. Kijana wa mtaani anaenda naye saiba mjini. Wanataka kuskani taarifa ya mama, yenye majina na simu za mashahidi wawili, kisha waitume kwa wakili kupitia Telegram. Kijana anajua mambo ya VPN. Anafungua Chrome, anaweka kiendelezi cha VPN cha bure, kinawaka kijani. Anatuma. Anafunga dirisha, analipa, wanaondoka wakiwa na amani.

Sasa tuhesabu walichoacha nyuma.

Kwanza, skani. Printa ya saiba imeunganishwa na mashine ya mhudumu, kwa hivyo faili ya kwanza imebaki kwake. Kisha mhudumu aliwatumia kwa barua pepe, kwa hivyo nakala ya pili iko kwenye "Sent" ya saiba. Kijana akaidownlodi ili aipandishe Telegram, na ya tatu iko kwenye folda ya Downloads. VPN haikugusa hata moja ya hizo.

Pili, akaunti. Telegram aliifungua kwenye brauza na hakutoka, alifunga dirisha tu. Kufunga dirisha si kutoka. Mteja anayefuata akifungua anwani ile ile, mazungumzo na wakili yanaweza kumfungukia.

Tatu, kiendelezi chenyewe. Kimebaki kwenye Chrome pamoja na historia. Mtu yeyote atajua kwamba kwenye mashine hii, mchana huu, kuna aliyetafuta VPN na baadaye akaingia Telegram. Na kiendelezi hulinda brauza peke yake. Programu nyingine zote kwenye kompyuta zilikuwa zinapita njia ya kawaida.

Ndugu zetu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inawapa polisi njia ya kuomba kibali cha mahakama wapekue kompyuta na kuchukua data iliyohifadhiwa ndani. Na bila hata kibali, mhudumu mwenye udaku anatosha. Ibara ya 31 ya Katiba inatupa haki ya faragha, lakini Katiba haitakufutia folda ya Downloads.

Basi tufanye nini?

La kwanza ni kutoenda. Kazi kama hii ifanyike kwa simu yako: piga picha karatasi, weka VPN kwenye simu, tuma. Bando ya siku ni gharama ndogo ukilinganisha na majina ya mashahidi yakibaki kwa mtu usiyemjua.

Ikiwa lazima uende, usitumie dirisha la kawaida. Kwenye Chrome bonyeza alama ya mtu iliyo juu kulia, kisha "Guest". Ukilifunga dirisha hilo, historia na akaunti ulizoingia huondoka. Lakini kuna mtego ambao watu hawaambiwi: viendelezi havifanyi kazi ndani ya "Guest", na ndani ya "Incognito" havifanyi kazi mpaka viruhusiwe kwenye mipangilio. Ndiyo maana watu wanarudi dirisha la kawaida ili VPN iwake, na huko ndiko alama zinabaki. Jua pia kwamba faili ulizodownlodi hubaki hata ukitumia "Guest". Zifute mwenyewe kwa Shift+Delete ili zisiende Recycle Bin, ukijua kwamba fundi mwenye vifaa bado anaweza kuzirudisha.

Kuna saiba zenye programu inayoirudisha kompyuta ilivyokuwa kila ikiwashwa upya. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Tengeneza folda tupu kwenye desktop, omba mashine iwashwe upya, uangalie. Folda ikiwa bado ipo, mashine haijifuti. Ikiwa imetoweka, ni afadhali, ingawa diski D mara nyingi huachwa nje ya mpango huo, na nakala zilizo kwa mhudumu haziguswi.

Ukishatoka, chukua simu yako kabla hujapanda matatu. Telegram: Settings, Devices, kisha "Terminate all other sessions". WhatsApp: "Linked devices", toa kila kifaa usichokitambua. Google: ingia kwenye usalama wa akaunti, "Your devices", toa ile kompyuta. Halafu badilisha paswadi kwa simu, usibadilishe pale saiba. Sababu ni kwamba kuna vinasa-maandishi, programu au kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, kinachorekodi kila herufi unayobonyeza. Dhidi ya hicho, VPN na "Guest" zote hazina msaada.

Na laptop ya rafiki? Hapo jambo ni zito zaidi. Ukimwekea programu ya VPN na ukaacha faili zako, mashine ikichukuliwa yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini, si wewe. Kilichoazimwa ni amana. Mwambie mapema unataka kufanya nini, na usimrudishie mashine ikiwa na siri asizozijua.

Mwisho, wenye saiba. Mnapokea vitambulisho, taarifa za hospitali, paswadi za eCitizen zilizoandikwa kwenye karatasi. Wateja wenu wengi hawajui Downloads ni nini, na hawapaswi kulazimika kujua ndipo wawe salama. Futeni skani mara tu mteja anapothibitisha amepata. Safisheni "Sent" na Downloads kila jioni. Wekeni mashine zijirudishe zikiwashwa. Saiba inayosema "sisi tunauza muda tu" huku imehifadhi karatasi za mtaa mzima haiuzi muda tu. Imeshika siri za watu ambao hawajui kwamba waliziacha hapo.