Omba picha ya kitako cha kopo

Bei ya kutupa pekee haitoshi kumtambua tapeli wa vipodozi. Wapo wanaouza feki kwa bei ileile ya dukani. Mimi huwaomba wauzaji wa Instagram picha mbili walizopiga wenyewe: kitako cha kopo na ubavu wa boksi lake. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda lazima zilingane. Akikurushia tena ile picha safi ya tangazo, au akaanza "dada, niamini tu", achana naye.

Kwa krimu za kung'arisha ngozi, soma maandishi yote, hata yale madogo. Ukikuta onyo kwamba isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shtuka: huenda ina zebaki, ambayo huharibu metali hizo (na figo zako pia). Pengine utaona alama Hg tu. Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa ndilo baya zaidi, maana uso ukianza kuwaka hutajua hata cha kumwambia daktari. Mlioko Tanzania, msiishie kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp. Wapelekeeni TBS kopo lenyewe pamoja na risiti ya malipo.